Mtihani wa London, mtahiniwa yuko Kigoma: kituo na saa

SWALI: Niko Mwanga, Kigoma mjini, nasoma stashahada ya uzamili kwa masafa na chuo kimoja cha Uingereza. Nina mitihani miwili ya kuandika, kila mmoja saa tatu: Alhamisi tarehe 22 Oktoba 2026 na Jumanne tarehe 27 Oktoba. Yote inaanza 10:00 asubuhi saa za London. Chuo kimesema kama siwezi kwenda Dar, nipendekeze kituo huku huku nao watakiangalia. Nianzie wapi? Na kwa saa zetu naingia saa ngapi? Mwenzangu mmoja anasema tunawazidi saa mbili, mwingine anasema tatu.

JIBU: Wenzako wote wawili wamesema kweli, kila mmoja kwa mtihani wake. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2026 Jumapili hiyo ya Oktoba ni tarehe 25, yaani katikati ya mitihani yako. Sisi hatugusi saa mwaka mzima. Kwa hiyo Alhamisi tunawazidi saa mbili, nawe utaanza saa sita kamili mchana. Jumanne tutakuwa tunawazidi saa tatu, na utaanza saa saba kamili mchana. Ukiweka saa sita siku zote mbili hutachelewa, lakini Jumanne utafika ukute msimamizi hajapokea karatasi, na hapo ndipo watu huanza kupigiana simu kwa hasira bila sababu.

Saa hizo nimezitanguliza kwa makusudi, kwa kuwa ndizo zitakazoamua kituo. Alhamisi unamaliza saa tisa alasiri. Jumanne unamaliza saa kumi, na ofisi za serikali hufungwa saa tisa na nusu. Msimamizi aliyekubali "mtihani wa mchana" bila kuambiwa saa ya kumaliza anaweza kuanza kukuangalia kwa jicho la kukuharakisha ukiwa bado na swali zima mbele yako. Mwambie mapema kwamba Jumanne atabaki hadi kama saa kumi na moja, maana baada ya kukusanya karatasi kuna kuzihesabu, kuziskani na kufunga bahasha. Kama kituo kina malipo ya muda wa ziada, yaingizwe kwenye makadirio tangu mwanzo.

Sasa kituo chenyewe. Wengi huanza kwa kutafuta chumba kizuri, lakini kinachokaguliwa zaidi na chuo ni taasisi na mtu atakayesimamia. Kwa Kigoma ningebisha hodi kwanza kwenye kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa sababu kusimamia mitihani ya wanaosoma kwa masafa ni kazi wanayoifahamu. Wasipoweza, nenda chuo cha ualimu, chuo cha ufundi au sekondari yenye ukumbi. Kabla ya kukaa na mkuu wa kituo, omba chuo chako fomu ya kupendekeza kituo na masharti yake, ili usimwahidi jambo ambalo hukuliona.

Masharti yenyewe hufanana karibu kila mahali. Msimamizi asiwe ndugu yako, bosi wako, wala mtu mnayesoma naye. Karatasi ya maswali haipitii mkononi mwako hata mara moja: inatumwa kwa msimamizi moja kwa moja, mara nyingi kama faili lililofungwa, na nywila yake inakuja kwa ujumbe mwingine karibu na saa ya kuanza. Kinachokwamisha maombi mengi ya huku kwetu ni kitu kidogo kuliko hivyo vyote, nacho ni barua pepe. Mkuu wa kituo akitoa anwani yake binafsi ya Gmail, mkaguzi wa kule hana namna ya kujua kama huyo ni mkuu kweli au ni shemeji yako. Omba anwani ya taasisi, inayoishia na .ac.tz au .go.tz, na namba ya simu ya ofisi. Kama msimamizi hana anwani hiyo, barua itoke kwa mkuu wake mwenye nayo, ikimtaja msimamizi kwa jina na cheo, ikiwa na mhuri.

Gharama ya kituo kwa kawaida ni yako. Kwenye taasisi ya umma omba kontroli namba, ulipe na utunze risiti. Usimpe msimamizi fedha mkononi hata kama ni mwaminifu, kwa sababu mtahiniwa aliyemlipa msimamizi wake ana kwa ana ni hadithi ambayo hakuna ofisi ya mitihani itakayoifurahia.

Kituo kinaweza kukuomba mfanye asubuhi, saa tatu, ili kila mtu awahi nyumbani. Usikubali wala kukataa mwenyewe. Hilo linaamuliwa na chuo. Angalia linavyokuwa: ukianza saa tatu asubuhi Alhamisi, unatoka saa sita, dakika ileile wenzako wa London wanafungua karatasi. Ukishika simu tu, maswali yanaweza kuwa yameshafika kwao. Jumanne ni mbaya zaidi, kwani utatoka saa nzima kabla hawajaanza. Vyuo vinavyoruhusu hivyo hudai mtahiniwa abaki chini ya uangalizi, bila simu, mpaka wengine wawe ndani. Kukaa chumbani kwa saa ya ziada bila simu kunavumilika, ila anayekulinda naye lazima awepo.

Kwenye kila barua andika saa kwa mtindo wa saa 24 na utaje ni za wapi. Ukimwandikia msimamizi "saa 12:00" tu, anaweza kusoma saa kumi na mbili. Mimi hutuma mistari hii kwa pande zote mbili:

```
22/10/2026  London 10:00 | UTC 09:00 | Kigoma 12:00-15:00
27/10/2026  London 10:00 | UTC 10:00 | Kigoma 13:00-16:00
```

Kwa Kiswahili ongeza chini yake: saa sita mchana, na saa saba mchana. Pande zote zijibu kwa maandishi kwamba zimekubali.

Jambo la Kigoma peke yake: Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe ikinasa mnara wa ng'ambo inaweza kurudi nyuma saa nzima bila kukuambia, hasa kama umelala Manyovu au Kagunga. Usiku wa kuamkia mtihani zima mpangilio wa saa otomatiki, uweke mwenyewe, na chumbani ifuatwe saa ya ukutani iliyohakikiwa na msimamizi.

Uliza pia umeme ukikatika saa tano na nusu wanachapaje maswali. Kituo kisicho na jenereta kinaweza kukubaliana na duka la kuchapisha, lakini msimamizi asimame pale mwenyewe mpaka karatasi zitoke na faili lifutwe. Angalia pia kitambulisho: kama pasi yako ina majina matatu na usajili una mawili, rekebisha sasa, si mlangoni.

Anza wiki kumi kabla, yaani katikati ya Agosti. Na usiiache nafasi ya Dar ipotee huku ukisubiri: jua mwisho wa kujiandikisha kule, na kama siku kumi kabla ya tarehe hiyo hujapata idhini ya maandishi ya kituo cha Kigoma, jiandikishe Dar. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na kati ya mitihani yako miwili kuna siku nne tu, kwa hiyo panga kukaa huko hadi Jumanne ipite.