Kuhama programu: masomo uliyofaulu yatahesabiwaje?

"Niko mwaka wa kwanza wa shahada ya kemia na ninataka kuhamia takwimu. Barua yangu ieleze nini, na je, krediti nilizokwisha kupata nitahama nazo?"

Ndugu, mimi nilihama hivyo hivyo baada ya mwaka wa kwanza. Barua yangu ya kwanza ilisema tu kwamba kemia hainivutii tena, na mkuu wa idara niliyokuwa nikiiomba aliirudisha akiwa ameandika pembeni kwa kalamu: "Na takwimu utaiweza?" Lilikuwa swali la haki, kwa kuwa idara inayokupokea haishughuliki sana na unachokikimbia. Nikaandika upya, nikataja alama zangu za hisabati, nikaeleza kwamba katika ripoti za maabara nilitumia muda mwingi zaidi kwenye makosa ya vipimo kuliko kwenye mmenyuko wenyewe, kisha nikaonyesha masomo nitakayopungukiwa na muhula nitakaoyasoma.

Kilichonichelewesha ni krediti. Kati ya masomo 8 niliyofaulu, niliambiwa 5 yamekubaliwa, nikashangilia mapema. Kumbe 2 tu ndiyo yaliyochukua nafasi ya masomo ya lazima. Yale 3 yaliingizwa kama ya hiari, yaani yaliongeza jumla ya krediti zangu bila kuniondolea hata somo moja la lazima. Hisabati tuliyosomeshwa wanakemia ilikataliwa kabisa, ingawa krediti zake zililingana na za kalkulasi ya kwanza, kwa sababu haikugusa mada ya mifululizo. Hapo ndipo mwaka mzima ulipopotea: kalkulasi ya kwanza ilikuwa sharti la ya pili, ya pili ikawa sharti la nadharia ya uwezekano, na kila moja ilifundishwa mara moja tu kwa mwaka.

Sehemu ya kosa ilikuwa yangu, maana niliambatisha matokeo peke yake, na matokeo huonyesha jina la somo na alama, si kilichofundishwa. Baadaye nilipopeleka muhtasari wa somo la kompyuta wenye mada za kila wiki, pamoja na karatasi ya mtihani wa mwisho, somo hilo lilihamishwa kutoka hiari likawa la lazima. Kwa hiyo kusanya mihtasari sasa, ya mwaka ule ule uliosoma, kwa sababu hubadilishwa.

Kabla hujaachia nafasi yako kemia, omba uamuzi wa maandishi unaotaja kila somo kwa jina na kusema limekubaliwa kama la lazima, kama la hiari, au limekataliwa. Uliza pia kama alama zinahama pamoja na krediti. Kwangu zilihama krediti tupu, hivyo wastani wangu ulianza upya, jambo ambalo halikuniumiza hata kidogo nikikumbuka alama zangu za kemia ogania.