Kabla hujafungua kifuniko cha streina, jaribu geti valvu kwanza

Juzi kijana mmoja wa Ruaka ameniandikia usiku, anasema: "Fundi, nimefungua streina nisafishe na chumba cha pampu kimejaa maji hadi kwa mota, nifanye nini?" Nilimpigia hapo hapo, na nikikata simu nikakaa tu nikikumbuka yangu, maana hiyo njia nimeipita na hadi leo inaniuma.

Yangu ilikuwa Kilimani, flati za ghorofa sita, pampu iko besmenti na tangi la chini la lita 24,000 limekaa juu yake kidogo, kwa hivyo maji yanashuka yenyewe hadi kwa pampu. Paipu ya inchi mbili, streina ya Y, yaani kichujio chenye wavu ndani, iko upande wa kuvuta. Wavu nilinunua mimi mwenyewe, meshi 80, nikiamini ukiwa laini ndio maji yatakuwa safi na pampu itaishi. Meshi 80 maana yake ni mashimo 80 kwa kila inchi, na shimo moja halifiki robo milimita. Gari la maji likaja kumwaga, tope ikatimka, na siku ya pili pampu ikaanza kulia kama kokoto kwa sufuria, na tangi la juu ambalo lilikuwa linajaa kwa dakika 40 likawa linachukua zaidi ya saa moja na bado.

Sikiza, huo mlio ni pampu inanyimwa maji. Inavuta kwa nguvu mpaka presha ya ndani inashuka sana, mapovu ya mvuke yanatokea na kupasukia kwenye impela, na yanaila chuma polepole. Upande wa kuvuta weka wavu mpana, mimi saa hii naweka meshi 20, shimo la karibu milimita 0.8, inashika mawe, vipande vya plastiki na majani ambayo ndio yanavunja impela. Mchanga laini unapita, sawa, uache upite, na kama kuna mita au valvu za kulinda, huo wavu wa meshi 80 uweke mbele, baada ya pampu, ambako kuna presha ya kuusukuma.

Sasa siku hiyo. Nilizima pampu, nikafunga geti valvu ya upande wa tangi mpaka ikakataa kuzunguka, nikajua imefunga, nikashika spana na kufungua kifuniko. Ile geti valvu ilikuwa imeliwa ndani. Kifuniko kiliponitoka mkononi maji yalikuja kama ya hosi ya zimamoto, nikajaribu kukirudisha na nguvu ya maji ikanishinda, na keateka akakimbia juu kwa tangi akasukuma gunia kwenye mdomo wa paipu ndio ikapungua. Mota ilikuwa imeshalowa. Mwenye nyumba alikata gharama ya kuirewaindi kwa pesa zangu zote za kazi hiyo, na hakuna siku aliniuliza hiyo valvu ilikuwa na umri gani.

Tangu hapo sifungui kifuniko bila kujaribu. Kifuniko cha streina kina tundu la plagi chini, na kama hakina nunua chenye nalo. Toa hiyo plagi siku maji hayapo na ufunge hapo boli valvu ndogo ya nusu inchi na kipande cha hosi hadi kwa ndoo au mfereji. Ikifika siku ya kusafisha zima breka, usitegemee swichi peke yake kwa sababu floti inaweza kuwasha pampu ukiwa umeingiza mkono. Funga valvu zote mbili, ya kuingia na ya kutoka, maana nonretani, ile valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, ikivuja maji ya ghorofani yanarudi. Halafu fungua ile ndogo. Yaliyobaki katikati ya valvu ni lita chache tu, yakikaribia kuisha yanadondoka kidogo kidogo na kukauka. Kama dakika mbili zimepita na bado yanatoka unene wa kidole, valvu imekufa, funga hiyo ndogo na uache kazi, badilisha valvu siku tangi liko tupu. Mimi badala ya geti naweka boli valvu ya shimo kamili, ukizungusha robo unaona kabisa kwa mkono wake imefunga.

Wavu ukitoka, jua uchafu uko ndani yake, maji huingia ndani na kutoka nje. Kwa hivyo piga maji kutoka nje kuja ndani na usugue na brashi laini ya nguo, ya waya inapanua mashimo. Uinue kwa mwanga, ukiona mpasuko mmoja nunua mpya. Panga gaskiti vizuri, funga kifuniko, fungua valvu ya tangi polepole na utoe hewa kwa plagi ya juu ya pampu mpaka maji yatoke bila mapovu, ndio uwashe, maana pampu ikikimbia kavu sili yake inaungua.

Na yule wa Ruaka, niliambiwa jana mota yake imekaushwa na inazunguka. Geti valvu yake imetolewa, ndani ilikuwa na kutu unene wa shilingi.