Nitajuaje wateja wa dagaa wanataka nini kwa kusoma maoni ya mitandaoni?

*Kaka, habari za kazi. Mimi nauza dagaa wa Kigoma. Nachukua Kibirizi, natuma Dar kwa basi. Nina ukurasa Instagram na TikTok lakini wateja ni walewale. Kwenye semina tuliambiwa tufanye "usikilizaji wa mitandao" ili tujue wateja wanataka nini, wenzetu wanakosea wapi na kipi kinakuja. Namna ya kufanya hatukuambiwa. Nina simu na bando tu. Naanzia wapi?*
*Muuza dagaa, Mwanga, Kigoma*

Nzuri, dada. Usianzie kwenye ukurasa wako. Hapo wanaongea wanaokufahamu, na wengi wanakuonea haya. Mtu husema ya moyoni akiwa kwa muuzaji mwingine, kwa hiyo nenda huko.

Chagua kurasa sita au saba. Nne ziwe za wanaouza dagaa wa Kigoma waliopo Dar, moja au mbili za wauza dagaa wa Mwanza, na moja ya mapishi au lishe ya watoto. Za Mwanza usiziache, maana mteja anapolinganisha ndipo anapotaja kinachomsumbua. Kwenye kila ukurasa rudi nyuma miezi mitatu. Posti yenyewe ipite tu, ni tangazo. Soma maoni yaliyo chini yake.

Fungua Google Sheets kwenye simu, tengeneza safu tano: A tarehe, B ukurasa, C maneno yenyewe, D mada, E aina. Safu C nakili kama ilivyoandikwa, na makosa yake. Mtu akiandika "hawa c wachungu jmn", usimsahihishie, kwa kuwa ndivyo na wengine watakavyotafuta. Mada ni neno moja: mchanga, bei, uchungu, harufu, usafiri. Kwenye aina andika *swali* kwa ambaye bado hajanunua, *lalamiko* kwa aliyekwisha kununua, na *ombi* kwa anayetaka kitu ambacho hakipo.

Safu hiyo ya E ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo yenye kazi. Tuchukue mfano. Umepata mistari 120, na 30 kati yake inataja mchanga. Ukiishia hapo utasema dagaa wa wenzako wana mchanga, uanze kujitangaza kwa hilo. Sasa tenganisha, ukiandika hizi kwenye seli tupu nje ya safu D na E:

```
=COUNTIFS(D:D,"mchanga",E:E,"swali")
=COUNTIFS(D:D,"mchanga",E:E,"lalamiko")
```

(Simu ikikataa mkato, weka nukta mkato.) Tuseme maswali ni 22 na malalamiko 8. Rudi kwenye yale manane uangalie ni watu wangapi. Matano ni ya mtu mmoja aliyegombana na muuzaji, akamfuata posti hadi posti. Huyo ni sauti moja. Umebaki na walalamikaji wanne, na watu 22 wenye hofu ya mchanga kabla hata ya kutoa pesa. Hofu huondolewa kwa kuonyesha: mimina dagaa wako kwenye beseni jeupe la maji, koroga, watoe, kisha ielekeze kamera chini ya beseni. Video ya nusu dakika inatosha. Lakini hesabu ingekuwa kinyume, malalamiko 22 ya watu tofauti, video isingekusaidia kitu. Hapo ungeenda kwa anayekuanikia, ukaangalie kama anamwaga dagaa mchangani au anatumia kichanja.

Udhaifu wa mwenzako nao una mtego wake. Utaona watu kumi wameuliza "bei?" na hakuna jibu, ukasema huyu hajali wateja. Huenda amewajibu inboksi, wewe huoni. Dalili ya uhakika zaidi ni mtu kurudi kuuliza mara ya pili, au kuandika "nimekuja inboksi kimya". Vilevile lalamiko moja la "kilo yenu haijafika kilo" linaweza kuwa mzani wa mteja. Likitoka kwa watu watatu, kwa wiki tofauti, kwa mizigo tofauti, basi hapo pana upenyo: piga picha mfuko wako juu ya mzani, namba zisomeke, bei iandikwe papo hapo.

Kuhusu kipi kinakuja, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wafanyabiashara wa ziwa hili wanapojidanganya. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Mzigo hupungua, bei hupanda, na siku chache baadaye Dar wanaanza kuandika "mbona dagaa hawapatikani siku hizi?" Ukisoma maoni ya wiki hiyo peke yake utadhani mahitaji yamelipuka. Wiki mbili mbele kimya. Ulichokiona ni mwezi tu. Mzunguko wake ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo linganisha giza na giza, mbalamwezi na mbalamwezi. Mvua nazo zina lugha yake: dagaa wakichelewa kukauka, malalamiko ya harufu na ukungu huongezeka kwa kila muuzaji.

Kinachokuja kweli hakifuati mwezi. Kinaanza kama ombi la mtu mmoja, kinarudiwa na watu wasiojuana kwenye kurasa tofauti, na hakipungui mzigo ukiwa mwingi. Tuseme kwenye ule ukurasa wa lishe kina mama wanauliza nani anauza unga wa dagaa wa kuchanganya kwenye uji wa mtoto. Mwezi wa kwanza wawili, wa pili watano, wa tatu tisa. Hilo lijaribu, ila kwa kiasi kidogo: saga kilo tano, tangaza, pokea malipo kabla ya kutuma. Kuuliza hakugharimu kitu, kwa hiyo maswali tisa yanaweza kuzaa wanunuzi wawili.

Programu za kulipia zinazokusanya maoni zenyewe ningekuambia uziache kwa sasa. Haziingii kwenye magrupu ya WhatsApp, na Kiswahili cha mtaani huzishinda. Mteja akiandika "dagaa wako ni balaa, noma sana", mashine inaweza kuandika kuwa amekasirika. Saa moja yako kila Jumapili itaona zaidi. Kumbuka tu kwamba mama lishe anayenunua debe zima hana muda wa kuandika maoni. Huyo mpigie simu, la sivyo karatasi yako itakuwa ya wanaonunua nusu kilo tu.

Jambo moja usilifanye: kuchukua namba za simu ambazo watu wameziacha chini ya posti za wenzako na kuanza kuwatumia bei. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya mtu ni taarifa yake binafsi. Ndiyo maana sikukuwekea safu ya jina. Ukitaka kumtambua anayejirudia, mpe alama kama M1, M2. Na mteja wa mwenzako usimjibie bei pale pale chini ya posti. Weka jibu la swali lake kwenye ukurasa wako, kwa maneno yale yale aliyoyatumia, "dagaa wasio na mchanga", ili akitafuta tena akukute.