Ujumbe wa kuchelewa usaili

"Nimekwama foleni Ubungo, usaili ni saa 4:00 asubuhi Posta, na sasa ni 3:35. Niwaandikie nini?"

Ndugu, andika sasa hivi, na taja saa yenyewe badala ya "nipo njiani". Kama kondakta anakadiria dakika 40 hadi Posta, ongeza 10 za kutembea na kujiandikisha kwa mlinzi getini. Hiyo ni 4:25, kwa hiyo ahidi 4:30, kwa sababu kuomba radhi mara ya pili kunaweza kuwaudhi wasaili kuliko kuchelewa kwenyewe. Huu unatosha:

"Habari za asubuhi. Mimi ni ..., mwombaji wa nafasi ya mhasibu, usaili wa saa 4:00. Nimekwama kwenye foleni Ubungo. Nitafika mapokezi saa 4:30. Samahani kwa usumbufu. Kama muda huo haufai, naomba mnielekeze."

Kuna anayeweza kukushauri upige simu tu, na ana hoja, lakini msaili huenda yuko ndani na mwombaji mwingine. Pigia mapokezi, kisha mtumie ujumbe huo aliyekualika. Kama watakupokea leo au watakupangia siku nyingine, hilo litategemea ratiba yao.