Diskaunti ya kulipa mapema na VAT

"Nauzia hoteli moja hapa Malindi vigae. Nawapa asilimia 5 wakilipa ndani ya siku 10. VAT naihesabu kabla ya diskaunti au baada?"

Bwana, siku ya kuandika ankara hesabu bei kamili. Kifungu cha 13 cha Sheria ya VAT ya 2013 hupunguza thamani kwa diskaunti iliyotolewa na kuhesabiwa wakati wa mauzo, na yako bado ni ahadi tu. Huenda hoteli isilipe mapema.

Tuseme vigae ni shilingi 100,000. VAT ya asilimia 16 ni 16,000, jumla 116,000. Wakilipa siku ya nane, watakata 5,800 na kukutumia 110,200. Hapo ndipo wengi hukwama: wanaandika punguzo kwenye leja na kusahau kodi. Ndani ya ile 5,800, 5,000 ni bei na 800 ni VAT. Usipotoa kredit noti, KRA bado inakudai 16,000 ilhali mteja amekulipa 15,200 ya kodi, na hiyo 800 inatoka mfukoni mwako.

Basi pesa zikiingia, toa kredit noti kwenye eTIMS, itaje ankara ya awali, 5,000 na kodi 800. Mwisho ni miezi sita tangu ankara itolewe. Mhasibu wa hoteli naye lazima apunguze 800 kwenye kodi aliyodai. Wengine huinung'unikia, lakini si hiari yake.

Wakichelewa na kulipa 116,000 zote, huna la kurekebisha.