Kuandikisha wafanyakazi wa hoteli kwa ajili ya kusafisha ufukwe: wanajiandikisha halafu hawaji

"Assalaam alaykum. Bosi kanambia nitafute wafanyakazi 25 wa kujitolea kusafisha ufukwe mwezi ujao, hoteli yetu ipo Unguja upande wa mashariki. Nimetuma kwenye grupu la Watsap watu wote wanaweka dole gumba tu, wengine inshaallah. Niwape muda gani na niwaandikishe vipi mpaka waje kweli?"

Waalaykum salaam. Ndugu yangu hilo dole gumba mie nalijua vizuri, lilinitia aibu. Mara yangu ya kwanza nilifanya hivyohivyo, nikarusha orodha kwenye grupu kila mtu akopi aongeze jina lake chini, basi wawili wakikopi kwa wakati mmoja jina la mmoja linapotea, mwengine anafuta lake kimyakimya na hujui, mwisho nikawa na majina 41. Siku yenyewe wakaja 9, na katika hao 9 wawili walikuwa wa bustani ambao wapo hapohapo siku zote.

Nilikasirika nikaona watu hawana moyo. Baadae nikakaa na dada mmoja wa hausikipingi nikamuuliza tu kwa heshima, mbona ulijiandikisha hukuja? Akanijibu "kaka, basi la stafu linaondoka saa tisa na nusu, nikibaki mie narudi na nini Makunduchi, na watoto nani atawapokea?" Ndo nikafahamu. Kwenye tangazo langu nimeandika "jioni", sijasema inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi, mtu anarudi vipi. Mtu mwenye shifti ya saa moja asubuhi hadi saa tisa ukimwambia jioni anasikia mpaka usiku.

Na kosa la pili lilikuwa la maji, hili hata wazee wa kijijini walinicheka. Niliweka saa kumi jioni, na siku yenyewe ikaangukia bamvua, tarehe 16 ya mwezi wa kuandama. Huku kwetu bamvua maji yanajaa saa kumi kwenda saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na yanakupwa saa nne. Kwahiyo tumefika na magunia yetu bahari ipo kwenye ukuta wa hoteli, hakuna ufukwe wa kusafisha! Tukaishia kuokota chupa kwenye maua. Maji mafu ndo kinyume chake, yanakupwa jioni mida ya saa kumi, saa kumi na moja, hayaendi mbali sana lakini ule mstari wa mwani mkavu ambao ndo takataka zote zimelala unakuwa wazi. Sasa mie natazama kalenda ya mwezi wa kuandama kwanza kabla ya rosta, nachukua mwezi 8 mpaka 10 au 22 mpaka 24, halafu ndo natafuta siku ambayo si Ijumaa na hoteli haina grupu kubwa la wageni. Faida nyengine, siku za bamvua akina mama wa mwani wapo baharini na wafanyakazi wengi wana mama au wake humo, maji mafu wapo nyumbani, mtoto ana wa kumshika.

Muda niliouweka mara ya pili ni huu: watu wanatoka shifti saa tisa, wanaoga wanakula, wanasali alasiri, tunaanza saa kumi na robo, tunasimama saa kumi na moja na nusu hata kama takataka zimebaki. Yaani saa moja na robo ya kazi, si zaidi. Basi la pili linaondoka saa kumi na mbili kasorobo. Usiibe dakika hata kumi ati tumalizie kile kipande, mtu ukimcheleweshea magharibi mara moja hurudi kumpata, na atawaambia wenzake.

Hilo basi la pili lilinigharimu wiki nzima kubishana na meneja, mafuta ati. Nikamwambia basi tusifanye. Akakubali. Kama kwako halitoki, afadhali uandikishe wale tu wa vijiji vya jirani wanaotembea kwa miguu, usijidanganye na wa mbali.

Sasa kuandikisha. Grupu nimeliacha kwa kukumbushia tu. Nilichukua karatasi moja kubwa nikaibandika pale wanapogonga kadi, si kwenye ubao wa matangazo maana ubao ule hakuna anaeusoma. Karatasi ina makundi matatu, kila kundi mistari 8 iliyopigwa namba: wa kuokota upande wa kaskazini, wa kuokota upande wa kusini, na wa kutenganisha na kufunga magunia kivulini (hili la tatu wenye mgongo unaouma na wajawazito wanalipenda, usilisahau). Pembeni safu mbili tu, idara yako na "utapanda basi la pili, ndio au hapana". Chini mistari minne ya akiba. Mistari ikiwa na mwisho watu wanaona nafasi inajaa, mtu anajiuliza mbona kichini wameshachukua tatu, lakini ukiweka karatasi tupu isiyo na mwisho kila mtu anasubiri mwenzake.

Ila kabla ya kuibandika nilipita kwa masupavaiza mmojammoja nikawauliza siku hiyo unaweza kuniachia wangapi. Restoranti wakasema wawili tu kwa sababu ya kuandaa chakula cha usiku, hausikipingi sita. Hili usiliruke. Mara ya kwanza kuna kijana alijiandikisha vizuri kabisa, siku yenyewe supavaiza wake akamwambia abakie afunike shifti ya mgonjwa, na lawama nikabeba mie.

Swali utakaloulizwa na kila mtu ni "inahesabiwa ofu?" Jibu kabla hujaulizwa, andika juu ya karatasi. Sisi tuliandika: si ovataimu, haikatwi kwenye ofu, na asiekuja haandikwi popote. Na karatasi iwe mikononi mwa mfanyakazi mwenzao, bosi asiisimamie. Kuna hoteli nilifanya kazi zamani meneja alisimama mwenyewe na kalamu pale mlangoni, karatasi ilijaa siku moja, wakaja kwa hofu wakaokota kwa hasira, mara ya pili akakuta watu wote wagonjwa.

Siku mbili kabla niliitoa karatasi, nikayasoma majina kwenye brifingi ya asubuhi na nikamfuata kila mtu uso kwa uso, "bado upo?" Hapa ndo inshaallah ya kweli na inshaallah ya kukwepa zinapojulikana, ya kukwepa mtu anatazama chini. Watatu wakajitoa bila kununa, nikaita wa akiba. Walioandikwa 24, wakaja 22, na mmoja wa wawili waliokosa alikuwa na msiba.

Mengine ya haraka: mwambie sheha mapema, glovu nunua za mpira mzito maana zile za plastiki zinachanika kwenye chupa, na sindano ukiiona usiishike kabisa, ita mwenye koleo na dumu. Pampasi zitakuwa nyingi kuliko unavyofikiria, waambie mapema wasije wakashangaa.

Na gari ya kubebea iwe imeshalipwa, isiwe imeahidiwa tu. Sie tulifunga magunia 31, gari haikuja siku mbili, kunguru wakayatoboa yote na zile pampasi tukaziokota upya, safari hii watu wanne tu mie mmojawapo.