Faili la STEP halina historia, lisukume uso mmoja mmoja

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuchora kwenye karakana, nawaachia somo moja ambalo mimi nililipia kwa siku mbili nzima.

Mteja wa Kibaigwa alitaka mashine yake ya kukamua alizeti ibebe shafti nene zaidi. Beringi ya zamani ilikuwa 6205, yenye shimo la milimita 25, kipenyo cha nje 52 na upana 15. Mpya ni 6206, yaani 30, 62 na 16. Nyumba ya beringi tulikuwa nayo kama faili la STEP, aina ya faili inayofunguka kwenye programu nyingi za kuchora. Ukilifungua, upande ambao ungekuta mchoro wa kwanza, mkato na tundu, unakuta umbo moja tu lililoganda. Faili kama hilo limebeba nyuso na kingo, halikubeba hatua za aliyelichora.

Kwanza nilifanya kama nilivyozoea. Nikaanza kuongeza hatua juu ya umbo lile: nikakata tundu la 62, nikaziba matundu ya zamani kwa vipande, nikaongeza pete nje. Viraka juu ya viraka. Kila nilipobadilisha kimoja, vilivyo juu yake vikawa vyekundu. Siku ya pili nikaanza kuichora upya kutoka sifuri, nikakosea umbali wa matundu ya miguu, wakati matundu hayo lazima yakae sawa na fremu iliyokwisha kuchomelewa. Sehemu ambayo haikuhitaji kuguswa ndiyo niliyoiharibu.

Njia iliyofaa ilichukua kama dakika arobaini. Kwenye Fusion, programu ninayochorea, ukiona mstari wa historia chini ya skrini, bofya kulia jina la juu kabisa na uchague `Do not capture Design History`. Kuanzia hapo unashika uso wenyewe na kuusogeza, nyuso za jirani zinajirefusha au kujifupisha kuufuata.

Kabla ya kusukuma chochote, pima. Mimi nilidhani tundu ni 52 kamili, kipimo kikasoma 52.015. Si kosa: aliyechora aliweka katikati ya uvumilivu wa H7, yaani ziada inayoruhusiwa kwenye tundu, ambao kwa ukubwa huo unaanzia 0 hadi 0.030. Kwa hiyo sikuandika 62, nilisukuma uso kwa milimita 5 kila upande, nikapata 62.015, na H7 ya 62 ni ileile. Angalia pia kama tundu limegawanyika kuwa nusu mbili. Mafaili ya STEP hufanya hivyo mara nyingi, na ukichagua nusu moja tu, utapata tundu lenye ngazi katikati au programu itakataa.

Mpangilio ndio uliobeba kazi yote. Matundu manne ya skrubu za M6 za kifuniko yalikuwa kwenye duara la 64, kila moja limetobolewa 5. Ukingo wao wa ndani uko 29.5 kutoka katikati, na tundu jipya la beringi linafika 31. Ningesukuma kwanza, yangepasukia ndani. Nikachagua nyuso zao, nikabonyeza `Delete`, uso wa mbele ukajifunga kana kwamba hayakuwahi kuwapo. Halafu nikafuta fileti, yaani kona iliyoviringwa, ya nusu kipenyo 6 inayounganisha mviringo wa nje na shina lake, maana fileti ndiyo inayokwamisha kusukuma kuliko kitu kingine chochote. Baada ya hapo `Press Pull`: tundu la beringi milimita 5, la shafti ukutani 5, mviringo wa nje 5 kutoka 76 hadi 86, na sakafu ya tundu 1 kuelekea nyuma. Ukuta wa nyuma ulibaki 7 kutoka 8, unatosha. Nikarudisha fileti, nikatoboa matundu manne mapya kwenye duara la 74.

Mwisho kata umbo katikati kwa mwonekano wa sehemu. Kati ya skrubu na beringi nilipima 3.5, na kutoka skrubu hadi nje 3.5, kama ilivyokuwa mwanzo. Miguu haikusogea hata kidogo. Faili la asili lihifadhi kando, na andika kwenye karatasi ulichosukuma, kwa sababu hakuna orodha itakayokukumbusha.

Mwezi uliofuata mteja huyohuyo akaulizia 6207, ambayo nje ni 72. Mviringo wa nje ungekuwa 96. Kitovu kipo 60 juu ya sakafu, kwa hiyo sehemu yake ya chini ingeshuka hadi 12, wakati mguu una unene wa 15. Uso ungezama ndani ya mguu, na kitovu kingelazimika kupanda pamoja na kila kitu kinachokifuata. Hiyo niliichora upya, safari hii kwa historia, na kipimo cha beringi nikakiweka kama namba moja inayobadilishika.